Sura ya Sita: Kihisi Kilisema 38

"Niandike kitaalamu, au niandike kirahisi?"

Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wanaoomba kusomea uhandisi au kompyuta hulirudia kila msimu wa maombi. Mwanafunzi amejifundisha mwenyewe kuunganisha waya na kuandika programu, kwa kompyuta ya kuazima na video za mtandaoni, na kitu alichotengeneza kinafanya kazi. Sasa anatakiwa akieleze kwa watu asiowajua. Akitaja vifaa kwa majina yake, anaogopa kumwacha msomaji njiani. Akiyaondoa majina, anaogopa kazi yake itaonekana ya kitoto.

Kwa anayebaki nyumbani, swali hili halimsumbui sana. Kenya, KUCCPS hupanga wanafunzi kwa alama za mtihani wa kidato cha nne, na Tanzania vyuo huangalia ufaulu wa kidato cha sita au stashahada. Hakuna anayeuliza umetengeneza nini uani kwenu. Maelezo ya mradi huanza kuhitajika pale mwombaji anapotafuta ufadhili au chuo cha nje. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kupitia Common App, yenye insha isiyozidi maneno 650. Uingereza hutumia UCAS, ambako maelezo binafsi hayazidi herufi 4,000 pamoja na nafasi, na tangu maombi ya kuingia chuo 2026 yamegawanywa katika maswali matatu. Swali la tatu linauliza mwombaji amefanya nini nje ya masomo ili kujiandaa na kozi anayoiomba. Mradi wa kujifundisha mwenyewe unaingia hapo moja kwa moja.

Msomaji wa kwanza wa maombi hayo mara nyingi ni ofisa wa udahili. Huenda alisomea historia au saikolojia, na mezani kwake kuna rundo la maombi mengine. Baada yake faili linaweza kufika kwa mhandisi. Maandishi yaleyale yanatakiwa kueleweka kwa wa kwanza na yasimchekeshe wa pili. Sura hii inaonyesha namna hilo linavyowezekana kwa mradi mmoja, kuanzia dalili ya kwanza ya kosa hadi mstari wa mwisho wa fomu.

Trei moja ya mayai

Tumchukue mwombaji wa mfano: binti aliyemaliza kidato cha sita Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji hupakiwa kwenye mabasi kwenda Dar es Salaam. Hatutampa jina, kwa sababu ni mfano tu, ila mradi wake ni wa aina ambayo mafundi na wanafunzi wengi huutengeneza: mashine ya kutotolesha vifaranga.

Kazi ya mashine hiyo ni kuchukua nafasi ya kuku anayeatamia. Yai la kuku huhitaji siku 21 katika joto la karibu nyuzi 37.5, mradi ndani ya sanduku kuna feni inayozungusha hewa. Huhitaji kugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, ili kiinitete kisigande upande mmoja wa ganda. Huhitaji pia unyevu hewani, ambao kwa kawaida hupatikana kwa bakuli la maji lililowekwa chini.

Binti alitumia sanduku jeupe la kuhifadhia samaki, balbu mbili za zamani za wati 40 zinazotoa joto, na feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu. Ubongo wa mashine ulikuwa Arduino Uno, bodi ndogo ya umeme inayoweza kuandikiwa programu, na macho yake kihisi joto kinachoitwa DHT11. Kati ya bodi na balbu aliweka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo badala ya kidole. Kihisi kinapima, bodi inaamua, rilei inawasha au kuzima balbu. Ndani yake aliweka mayai 30, yaani trei moja.

Vilianguliwa vifaranga 4.

Rasimu mbili zilizokwama

Rasimu yake ya kwanza ya insha ilianza hivi:

"Nilibuni mfumo mahiri wa kudhibiti mazingira kwa kutumia Arduino Uno, kihisi cha DHT11, moduli ya rilei ya volti 5 na programu ya C++ yenye mzunguko wa udhibiti wa muda halisi."

Kila neno hapo ni la kweli. Ofisa wa udahili atasoma sentensi hiyo na kuhisi kwamba kuna kitu kigumu kimefanyika, lakini hatajua ni kitu gani. Mhandisi naye ataelewa kila kifaa na kuona kwamba hajaambiwa chochote, kwa sababu orodha hiyo ya vifaa imo karibu katika kila video ya mafunzo ya mashine ya kutotolesha. Wasomaji wote wawili wametoka mikono mitupu.

Rafiki yake akamshauri arahisishe. Rasimu ya pili ikasema kwamba tangu utotoni alipenda teknolojia, kwamba alitengeneza mashine ya kuwasaidia wafugaji wa kijijini, kwamba mwanzoni alishindwa lakini hakukata tamaa, na kwamba mwishowe alifaulu. Hii inasomeka bila taabu. Tatizo lake ni kwamba ukiondoa neno "mashine" na kuweka "kwaya" au "timu ya mpira", insha haibadiliki.

Rasimu zote mbili zinaficha kitu kilekile: alishindwa vipi, na alijuaje sababu. Hapo ndipo kulikokuwa na uhandisi wenyewe, na kwa bahati nzuri ndiyo sehemu ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata, kwa kuwa ina mwanzo, mshangao na jibu.

Kutoka dalili hadi chanzo

Baada ya vifaranga 4 kati ya mayai 30, maelezo ya haraka yalikuwa mengi. Pengine mayai hayakuwa na mbegu. Pengine maji yalikuwa machache. Pengine muuzaji alimpa mayai ya zamani. Mwombaji anayetaka kueleweka huanza kwa kuonyesha namna alivyoyapunguza maelezo hayo moja baada ya jingine.

La mayai yasiyo na mbegu lilikwishajibiwa mapema. Siku ya 7 alikuwa amemulika mayai, yaani ameweka tochi nyuma ya kila yai gizani. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba ya damu inayotawanyika kutoka kwenye doa jeusi. Lisilo na mbegu hupitisha mwanga tupu. Mayai 24 yalikuwa na mishipa. Kwa hiyo viinitete 20 vilianza maisha ndani ya sanduku lake na vikafia humohumo.

Dalili ya pili ilikuwa tarehe. Vifaranga wake 4 hawakutoka siku ya 21. Walidonoa ganda siku ya 23, wakiwa dhaifu. Wafugaji wanaijua dalili hii: joto likizidi, vifaranga huwahi kutoka, likipungua, huchelewa. Lakini skrini ya mashine yake ilikuwa imeonyesha nyuzi 38 karibu muda wote. Kama kulikuwa na kosa, basi kwa mujibu wa skrini joto lilikuwa juu kidogo, wala si chini.

Hapo akapata wazo la kuishuku skrini. Alichukua kipimajoto cha homa cha kioo, kile cha zahanati, akakifunga kando ya kihisi kwa uzi na kukiacha saa mbili. Kipimajoto cha namna hiyo kina tabia inayofaa sana kwa kazi hii: hubaki kwenye kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa mpaka kikung'utwe. Alipokitoa kilisoma 36.4. Maana yake, kwa saa mbili hizo hewa pale haikuwahi kupita nyuzi 36.4 hata kwa dakika moja, huku skrini ikitangaza 38.

Akarudi kwenye karatasi ya maelezo ya kihisi, ile ambayo wengi huipita. Imeandikwa pale kwamba DHT11 inaweza kukosea hadi nyuzi 2 juu au chini. Kwa mtu anayetaka kujua kama chumba kina joto la kuhitaji feni, nyuzi 2 si neno. Kwa yai, ni tofauti kati ya kuanguliwa na kuwa viza. Kihisi hakikuwa kibovu. Kilikuwa ndani ya ahadi ya mtengenezaji wake. Kazi ndiyo iliyokuwa inahitaji kipimo kizuri zaidi.

Hii ndiyo aya aliyoiandika hatimaye:

"Skrini ya mashine yangu ilisema nyuzi 38, lakini vifaranga walichelewa kwa siku mbili, jambo linalotokea joto linapokuwa dogo. Niliweka kipimajoto cha homa kando ya kihisi changu. Kilisoma 36.4. Niligundua kwamba kihisi nilichonunua kinaruhusiwa kukosea hadi nyuzi 2, na kosa la nyuzi 1.6 lilitosha kuua viinitete 20 kati ya 24. Nilikuwa nimeiamini namba kwa sababu tu ilikuwa kwenye skrini."

Ina namba kadhaa, na hakuna inayomchosha msomaji. Kila moja imeshikamana na jambo lililotokea: siku mbili ni kuchelewa, nyuzi 2 ni ruhusa ya kukosea, 1.6 ni kosa lenyewe, 20 ni hasara. Linganisha na "volti 5" ya rasimu ya kwanza. Volti 5 ni kweli, ila ingekuwa 3 au 12 hakuna kitu ambacho kingebadilika katika hadithi, na ndiyo sababu msomaji hana pa kuishikia.

*Kwa ufupi:*

- Jina la kifaa libaki pale tu ambapo kifaa hicho kinafanya jambo katika hadithi. DHT11 inaweza kutajwa, kwa sababu ndiyo iliyokosea. Aina ya rilei haina haja.
- Namba ibaki kama inabadilisha kilichotokea.
- Dalili itangulie, chanzo kifuate. Ukianza na chanzo, msomaji hatajua kwa nini kilikuwa kigumu kukiona.

Kilichobadilishwa na kisichobadilishwa

Trei ya pili ilitoa vifaranga 19 kutoka katika mayai 25 yaliyokuwa na mishipa siku ya 7. Ofisa wa udahili atafurahi. Mhandisi atauliza swali moja kabla ya kufurahi: ulibadilisha nini?

Swali hilo ni la msingi. Kama binti alibadilisha kihisi, akaongeza maji, akanunua mayai kwa muuzaji mwingine na kuhamishia sanduku chumba chenye joto, basi hajui ni lipi kati ya hayo lililookoa vifaranga. Katika mfano wetu alinunua kihisi kingine, DHT22, ambacho kosa lake lililotangazwa ni nusu nyuzi, akakilinganisha tena na kipimajoto cha homa kabla ya kuweka mayai, kisha programu ikarekebishwa ilingane na kihisi hicho. Bakuli lilikuwa lilelile, feni ileile, muuzaji yuleyule. Sentensi moja inatosha kulisema hilo, na uzito wake mbele ya mtaalamu ni mkubwa kuliko sifa yoyote ambayo mwombaji angejipa.

Inafaa pia aseme mpaka wa ushahidi wake. Trei mbili ni chache. Huenda mayai ya mara ya pili yalikuwa mapya zaidi. Waombaji wengi huogopa kuandika hivyo wakidhani wanajishushia alama, na ushauri unaotolewa mitaani huwaambia waonyeshe ushindi tu. Ushauri huo ni mbaya kwa waombaji wa uhandisi. Anayesema "imefaulu asilimia mia" amemwambia mhandisi kwamba hakupima.

Programu bila programu

Suala la msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, huwatesa waombaji wa kompyuta kuliko wengine. Wameumia kuuandika, hivyo wanataka uonekane. Hii ndiyo sehemu ya programu ya binti iliyomchukua muda mrefu kuipata:

```
if (joto < 37.3) digitalWrite(TAA, HIGH);
if (joto > 37.7) digitalWrite(TAA, LOW);
```

Mistari miwili tu. Mwanzoni alikuwa ameandika namba moja, 37.5: chini yake washa, juu yake zima. Kwa kihisi kipya kinachosoma sehemu ya kumi ya nyuzi, joto lilipokaribia 37.5 lilicheza juu na chini ya namba hiyo, na rilei ikawa inalia "tik, tik, tik" kila baada ya sekunde chache usiku kucha. Rilei ina kipande cha chuma kinachoruka, na ikichezeshwa hivyo huchakaa upesi au hugandia. Ikigandia upande wa kuwasha, balbu hazizimiki tena na mayai yanapikika.

Suluhisho lilikuwa kuacha nafasi kati ya kuwasha na kuzima. Balbu zinawaka joto likishuka chini ya 37.3 na hazizimwi mpaka lipite 37.7. Katikati ya hapo mashine haigusi kitu. Iliyowaka inaendelea kuwaka, iliyozimwa inaendelea kuzimika. Pasi ya umeme hufanya vivyo hivyo: taa yake huzimika pasi ikipata moto na haiwaki tena mpaka ipoe kiasi.

Kwenye insha msimbo huo hauna nafasi, lakini mlio wa rilei unayo. "Usiku rilei ilikuwa ikilia kila sekunde chache, nikajua programu yangu inashindwa kuamua" ni sentensi ambayo mtu wa historia anaisikia, na mtu wa uhandisi anatambua papo hapo ni tatizo gani na anasubiri kuona kama mwombaji alilitatua kwa njia sahihi. Chuo kikitaka kuuona msimbo wenyewe, huwa kuna mahali pake. MIT, kwa mfano, ina sehemu ya hiari inayoitwa Maker Portfolio, ambako mwombaji hutuma video fupi na picha za kitu alichotengeneza.

Cha kitabuni na cha kwake

Kujifundisha mwenyewe hakumaanishi kubuni kila kitu. Msimbo wa kusoma kihisi cha DHT uliandikwa na watu wengine na hupakuliwa bure. Anayejua Arduino anajua hivyo. Mwombaji anayeandika kana kwamba kila mstari ni wake anamkaribisha msomaji mtaalamu amtilie shaka hata kwa yale ambayo ni yake kweli.

Mfano mzuri wa kutenganisha hayo mawili uko Malawi. William Kamkwamba alilazimika kuacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, wilaya ya Kasungu, alikuta kitabu cha Kiingereza kilichoitwa Using Energy. Kiingereza kilimpa shida, hivyo alijifunza zaidi kwa michoro. Kutokana nacho alijenga kinu cha upepo kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo ya taa ya baiskeli, na mapanga aliyoyapata kwa kuchoma mabomba ya plastiki motoni na kuyanyoosha yakawa bapa. Kinu kikawasha taa na redio nyumbani kwao.

Mwezi Juni 2007 alialikwa Arusha, kwenye mkutano wa TED Global, na jukwaani akaulizwa kuhusu kinu chake. Moja ya mambo aliyoyaeleza ni kwamba kinu cha kitabuni kilikuwa na mapanga matatu, chake kikawa na manne, kwa kuwa alitaka nguvu zaidi. Maelezo hayo hayazidi sentensi moja, lakini yanaonyesha kitabu kilipoishia na mwenyewe alipoanzia, pamoja na sababu. Mtu asiyejua umeme anaelewa tatu na nne.

Kuna la pili katika kinu chake ambalo mwombaji yeyote angetamani kuwa nalo. Nyumba yao ilikuwa imeezekwa kwa nyasi, na waya zikigusana zingeweza kuleta moto. Akatengeneza kikata umeme chake kwa misumari iliyozungushiwa waya na kipande cha sumaku: umeme ukizidi, msumari uliozungushiwa waya unapata nguvu ya sumaku ya kutosha kuisukuma ile sumaku na kukata njia. Wazo alilitoa kwenye mchoro wa kengele ya umeme kitabuni. Yaani alichukua kifaa cha kupigia kengele akakifanya cha kuzuia moto. Hapa pia chanzo kinatajwa waziwazi, na kutaja chanzo ndiko kunakoonyesha ukubwa wa hatua aliyoipiga. Baadaye Kamkwamba alisoma African Leadership Academy, Johannesburg, kisha Chuo cha Dartmouth, Marekani, alikohitimu 2014.

Binti wa mfano wetu anaweza kuyamaliza haya kwa sentensi mbili: mchoro wa waya na msimbo wa kusoma kihisi alivitoa mtandaoni, jaribio la kipimajoto na nafasi kati ya 37.3 na 37.7 ni vyake.

Mradi usioshikika

Mashine ya kutotolesha ina faida ya kuonekana. Wanaoomba kozi za kompyuta mara nyingi wameandika programu tupu, na hapo msomaji hana sanduku wala kifaranga. Njia iliyo rahisi ni kumwonyesha kitu kimoja kinachoingia kwenye programu na kinavyotoka.

Tuseme kijana ameandika programu ya hesabu za kikoba cha mama yake. Akisema ametengeneza "mfumo wa usimamizi wa takwimu za wanachama", amerudi kwenye rasimu ya kwanza ya binti. Lakini anaweza kueleza kwamba majina na namba za simu za wanachama aliletewa kwenye jedwali la kompyuta, na programu yake ikawa haimpati mwanachama hata mmoja aliyelipa. Sababu: jedwali lilidhani namba ya simu ni namba ya kuhesabia, likaifuta sifuri ya mwanzo. Namba inayoanza na 07 ikawa inaanza na 7, kwa sababu katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Ujumbe wa malipo nao ulikuwa na namba inayoanza na 255. Mtu mmoja, namba tatu tofauti. Kabla ya kulinganisha chochote, programu ilibidi izigeuze zote kuwa za namna moja.

Yeyote mwenye simu anaielewa hadithi hiyo. Mwalimu wa kompyuta naye anaona ndani yake jambo analolifundisha mwaka wa kwanza: namba ya simu ni maandishi yenye sura ya namba, na inatakiwa kuhifadhiwa kama maandishi. Kijana hakuhitaji kutaja jina la lugha ya programu aliyotumia, ingawa akilitaja mara moja hakuna ubaya.

Maneno 650, herufi 150

Mradi mmoja huandikwa zaidi ya mara moja katika maombi yaleyale. Common App ina pia orodha ya shughuli, ambako maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150 pamoja na nafasi. Binti atajaza fomu kwa Kiingereza, lakini kufupisha ni kulekule katika lugha yoyote. Kwa Kiswahili mstari wake unaweza kuwa huu, wenye herufi 148:

"Mashine ya kutotolesha: mayai 30, Arduino. Kihisi kilikosea 1.6°C; nikagundua kwa kipimajoto cha homa. Vifaranga 4 vikawa 19. Umeme ukikatika: bado."

Feni imeondoka, balbu zimeondoka, rilei na mlio wake vimeondoka. Kilichobaki ni kosa, namna lilivyogunduliwa, matokeo, na jambo moja ambalo halijatatuliwa. Neno "bado" lina herufi nne tu na lina uwezekano mkubwa wa kuwa swali la kwanza la usaili, kwa sababu limeacha mlango wazi. Kwa hiyo anayeliandika awe ameshapiga hesabu yake.

Hesabu yenyewe si ndefu. Balbu mbili za wati 40 ni wati 80 zikiwaka. Binti alipima kwa saa ya mkononi akaona zinawaka karibu theluthi ya muda, hivyo wastani ni kama wati 27. Betri ndogo ya volti 12 na saa-ampea 7, ya aina inayowekwa kwenye mitambo ya kengele za usalama, inabeba 12 mara 7, yaani wati-saa 84. Betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu kama inatakiwa idumu, kwa hiyo zinabaki 42. Gawanya kwa 27 upate saa moja na nusu, na kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kuwasha balbu nacho kitakula sehemu yake. Umeme ukikatika jioni yote, hiyo haitoshi. Betri ya gari ya saa-ampea 50, kwa hesabu ileile, ingempa kama saa 11 kabla ya makato hayo, na bei yake ilizidi gharama ya mashine nzima. Kwa sasa anafunika sanduku kwa blanketi mbili na kuandika pembeni, kila umeme unapokatika, joto limeshuka kwa nyuzi ngapi kwa saa.